Indiketa inayohamisha mishale yake

Indiketa za foreksi huuzwa kwa picha za chati zilizopita, ambapo kila mshale wa kununua umekaa pale pale bei ilipogeukia. Mtengeneza programu mmoja aliyejiajiri mjini Morogoro alinunua mojawapo aitumie kwenye MetaTrader 5. Faili lilikuwa la `.ex5`, ambalo msimbo wake hausomeki. Akaandika programu fupi ya kunakili mshale kwenye daftari kila mshumaa unapofunga, jioni akalinganisha na chati.

Kwenye mishumaa ya dakika 15, daftari lilionyesha mshale wa kununua kwenye mshumaa wa saa 4:15 asubuhi. Bei iliendelea kushuka. Jioni mshale huo haukuwepo. Ulikuwa umehamia chini ya mshumaa wa saa 4:45, ambao ndio ulioshuka kuliko yote. Indiketa husubiri mishumaa ifuatayo, ikishaona bei imegeuka inarudi nyuma kuchora. Aliyenunua saa 4:30 amepata hasara ambayo chati haina kumbukumbu nayo.

Ishara kubadilika kabla mshumaa haujafunga ni kawaida, na ZigZag huhamisha ncha yake ya mwisho bila kumficha mtu. Lakini indiketa hii iliuzwa kama ishara za kuingilia sokoni, na muuzaji (simu hapokei tena) hakutaja kwamba mishale huhama.

Tume ya Ushindani ieleze: mnunuzi wa bidhaa kama hii apeleke wapi malalamiko, na daftari la namna hii linakubalika kuwa ushahidi?

Msomaji, Morogoro