Mita Moja, Milango Minne

Dada mmoja aliyehamia Eldoret kutoka Mombasa ametuandikia kuhusu umeme. Wapangaji ni wanne na mita ni moja. Hati ya mwezi uliopita ilikuwa shilingi 8,160, na mwenye nyumba akamtoza kila mmoja shilingi 2,040. Dada huyu ana taa, simu na friji ndogo tu. Jirani yake ana shawa ya umeme, na Eldoret ni mji wa baridi. Shawa ya wati 5,000 ikiwashwa kwa dakika sita hula nusu yuniti. Familia ya watu watano wakioga kila siku, hapo pana yuniti 75 kwa mwezi.

Waliomba mita ndogo, moja kwa kila mlango. Tuseme mita kubwa imesoma yuniti 272. Gawanya 8,160 kwa 272, utapata shilingi 30 kwa yuniti. Mita ndogo zikisoma 48, 36, 92 na 74, jumla ni 250. Yuniti 22 zilizobaki ni za taa ya uani na pampu ya maji, yaani shilingi 660, au 165 kwa kila mlango. Dada yetu mwenye yuniti 36 angelipa 1,245 badala ya 2,040. Mabaki hayo yakikua ghafla bila sababu, kuna waya uliounganishwa kabla ya mita ndogo, au mita isiyosoma sawasawa.

Mita hupimwa kirahisi. Zima kila kitu nyumbani. Taa yake ndogo ikiendelea kumetameta, kuna mtu anayetumia umeme wako. Kisha washa hita ya maji ya wati 1,000 kwa saa nzima: namba ipande yuniti moja.

Lipo jambo ambalo mita ndogo haziliponyi. Tangu mwaka 2023, bei ya umeme wa nyumbani nchini Kenya ina ngazi tatu: hadi yuniti 30 kwa mwezi, hadi 100, na zaidi ya hapo. Hakuna hata mmoja kati ya wanne hawa anayefika 100, lakini pamoja wanahesabiwa ngazi ya juu. Dawa yake ni kila mlango kuwa na mita yake ya shirika la umeme, na hiyo ni gharama nyingine.

Kwa sasa wameomba mita zisomwe tarehe moja kila mwezi, mpangaji akiwapo, namba ziandikwe daftarini, na hati yenyewe ibandikwe ukutani. Kupunja vipimo kumekemewa katika Suratul Mutaffifin, nami sioni kwa nini umeme uachwe nje. Mwenye nyumba, kwa haki yake, hakukataa. Amekubali mita, wanachobishania sasa ni nani amlipe fundi.