Barua ya Wazi kwa Mamlaka ya Kudhibiti Utalii: Juu ya Ilani ya Sefu Chumbani

Kwa Mheshimiwa Mkurugenzi Mkuu,

Nakuandikia kutoka Kisauni juu ya ilani ndogo ibandikwayo nyuma ya mlango wa chumba cha mgeni, ama ndani ya sefu yenyewe, katika mahoteli na gesti za huku bara, tangu Likoni hata Shanzu, na zile za Changamwe zilizo karibu na uwanja wa ndege; kwani ilani hiyo, iandikwapo kwa Kiingereza, huweza kusema mambo matatu, na ifasiriwapo kwa Kiswahili ikabaki na neno moja tu, nalo ni la kumwelemea mgeni.

Nieleze kwa mfano. Tuchukulie kuwa bibi mmoja amevuka Lungalunga kutoka Tanga kuja harusini Kisauni, na bangili za dhahabu za shilingi 180,000. Kiingereza cha ilani kinasema kwamba vitu vya thamani vikabidhiwe mapokezi kwa stakabadhi, navyo hoteli itavidhamini kwa thamani iliyotajwa. Kwamba kilichowekwa katika sefu ya chumbani hudhaminiwa kwa kiasi kisichozidi shilingi 50,000. Na kwamba kikomo hicho hakitumiki ikiwa hasara imetokana na uzembe au wizi wa watumishi wa hoteli. Chini yake Kiswahili kinasema: "Uongozi hautawajibika kwa mali yoyote itakayopotea." Bibi huyu, asomaye Kiswahili peke yake, hatajua kuwa yuko mtu wa kumkabidhi amana yake, ataitia bangili katika sefu, na zikipotea pasipo kuthibitika kosa la mtumishi, atalipwa 50,000 kama atajua kudai, ama hatadai kabisa, maadamu ameambiwa hana haki. Zile 130,000 zilizosalia ndizo thamani ya sentensi iliyoachwa.

Simlaumu mwenye hoteli kwa kuweka kikomo. Hawezi kudhamini asichokijua, na sefu ya chumbani mgeni huifunga mwenyewe kwa nambari yake, bila mtu kuona kilichotiwa. Lakini sefu hiyo ina njia ya pili ya kufunguka: nambari kuu, au ufunguo wa dharura, vilivyo mikononi mwa uongozi kwa ajili ya wageni wasahaulifu. Kwa hiyo mgeni ana haki ya kujua kwamba njia hiyo ipo, na nani huishika. Na baadhi ya sefu huhifadhi kumbukumbu ya kufunguliwa kwake, ambayo yafaa ichapishwe mara hasara inapodaiwa, kabla haijafutwa na kufunguliwa kwa baadaye. Sefu isiyokazwa kwa bolti ukutani, au ambayo nambari kuu ya kiwandani haikubadilishwa, ni taksiri ya hoteli, wala kikomo hakipasi kuificha.

Tena mahali ilani ilipo ni sehemu ya mas'ala yenyewe. Katika kesi ya Olley dhidi ya Marlborough Court, iliyoamuliwa na Mahakama ya Rufani ya Uingereza na kuripotiwa mwaka 1949, mgeni alikuwa amekwisha kukubaliana na kulipa mapokezi, ndipo akapanda chumbani na kuikuta ilani ya kukana dhima. Mahakama ikasema sharti lisilooneshwa kabla ya mapatano halimfungi. Hata sheria ya Waingereza ya mwaka 1863, iliyompa mwenye nyumba ya wageni kikomo cha pauni 30, ilimtaka aitundike ilani mahali pa kuonekana ukumbini au mlangoni pa kuingilia. Na Katiba yetu, kifungu cha 46, humpa mnunuzi wa huduma haki ya kupata habari anazozihitaji, ilhali kifungu cha 7 kimekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi pia.

Naomba basi, kwa kuwa kutoa leseni ni kazi yenu, mtake ilani kamili ya Kiswahili ioneshwe mapokezi kabla mgeni hajalipa, na nakala yake chumbani. Naipendekeza ifuatayo, kila hoteli ikijaza kiasi chake kwa tarakimu:

"Vitu vya thamani mkabidhi karani wa mapokezi, utaje thamani yake, upewe stakabadhi, tutavidhamini kwa thamani hiyo. Ukiviweka katika sefu ya chumbani, tutadhamini hadi shilingi ........ kwa jumla, si kwa kila kitu. Kikomo hiki hakitumiki hasara ikitokana na uzembe au wizi wa watumishi wetu. Uongozi unao uwezo wa kuifungua sefu hii kwa dharura, mbele yako na kwa saini yako. Ukipotelewa, tuarifu mara moja, nasi tutakupa taarifa kwa maandishi."

Na itamkwe pia ya kwamba maandishi ya Kiswahili na ya Kiingereza yakihitilafiana, yatafuatwa yale yamfaayo mgeni.

Wako mtiifu,
Mkaazi wa Kisauni, Mombasa