Klipu Zetu Zisiazime Wimbo

Msimu huu wa baridi baadhi yetu tumekuwa tukikutana Jumamosi jioni Golden Valley, ng'ambo tu ya bustani ya Theodore Wirth ukitoka Minneapolis, kwa mwenzetu mwenye sebule kubwa na kipasha joto kisichogoma. Tunacheza kandanda ya simu, tunakunywa chai ya tangawizi, na aliyefunga bao zuri hurekodi kioo cha simu yake. Kabla hatujatawanyika, bao limeshakuwa klipu ya ukurasa wa chama. Wiki tatu zilizopita klipu moja ilinyamazishwa na mtandao tulikoipeleka. Picha ilibaki, lakini sauti yote iliondolewa, pamoja na ya mwenzetu aliyekuwa akitangaza bao hilo kwa Kiswahili kitamu kuliko cha redio. Sababu ilikuwa wimbo wa bongo fleva tuliouweka chini yake.

Tangu siku hiyo chama kimegawanyika. Wapo wanaosema klipu bila wimbo ni chai bila sukari. Sisi tunaohariri klipu hizo tunaona kinyume chake: wimbo maarufu wa mtu mwingine ndicho kitu cha kwanza cha kuondoa, na kazi tunayotaka wimbo utufanyie inafanywa vizuri zaidi na mkato na maneno.

Tuanze na uvumi uliotuponza, kwamba wimbo usiozidi sekunde 15 hauna mwenyewe. Kanuni hiyo haipo. Mji huu unapaswa kulijua jambo hili kuliko mingine, kwa sababu kesi yake maarufu inamhusu mwana wa Minneapolis, Prince. Mwaka 2007 mama mmoja wa Pennsylvania alipandisha YouTube video ya sekunde 29 ya mtoto wake akicheza jikoni, huku wimbo wa Prince ukisikika nyuma. Kampuni ya Universal ilitaka iondolewe, na mama akaenda mahakamani. Mwaka 2015 mahakama ya rufaa ilisema mwenye haki lazima kwanza afikirie kama matumizi hayo yanaruhusiwa kisheria, ndipo aombe video iondolewe. Haikusema kwamba sekunde 29 ni halali kwa kila mtu, wala haikutaja kipimo chochote cha sekunde. Shauri lenyewe liliisha kwa makubaliano mwaka 2018. Nani kati yetu ana miaka kumi na moja ya kutetea bao moja?

Kuandika jina la msanii chini ya klipu nako ni adabu nzuri, lakini si ruhusa. Isitoshe, wimbo mmoja una haki mbili: ya utunzi, na ya rekodi yenyewe. Hata rafiki yetu msanii akisema "tumieni tu", inabidi tumuulize mdundo ni wa nani. Wengi hununua midundo mtandaoni kwa leseni yenye mipaka, na kwa hiyo hawawezi kutupa kisicho chao.

Wenzetu wana hoja moja ya kweli: programu kama TikTok na Instagram zina maktaba ya nyimbo zilizolipiwa. Ndiyo, lakini ruhusa hiyo ni ya humo humo. Ukipakua klipu ikiwa na wimbo wake ukaipeleka kwingine, ruhusa haikufuati. Tena akaunti iliyosajiliwa kama ya biashara, hata kama mwenyewe ni chama cha wanafunzi, haipewi nyimbo zote. TikTok huipeleka kwenye Commercial Music Library. Ndiyo maana tunaomba jambo moja tu: kila klipu ihifadhiwe kwanza nakala safi, yenye sauti ya mchezo na ya mtangazaji bila wimbo. Anayetaka wimbo auongeze mwishoni, ndani ya programu atakakoipandisha. Na kabla ya kucheza, zima muziki kwenye mipangilio ya mchezo, maana nyimbo za menyu nazo zimekodishwa kwa mchezo, si kwako.

Sasa mkato. Rekodi ya bao lililonyamazishwa ilikuwa na dakika 1 na sekunde 47, na wimbo tuliuweka ili kuficha jinsi ilivyochosha. Tumeikata upya. Mpira unanyang'anywa katikati ya uwanja kwenye 0:58 na kuingia wavuni kwenye 1:09. Tumeanza 0:57, sekunde moja kabla ya kunyang'anywa, kwa sababu bila kosa la mpinzani bao halina hadithi. Tumeacha 1:12, kabla wachezaji hawajaanza kukumbatiana. Kisha tumechukua sekunde 4 za marudio, upande unaoonyesha kipa alivyopotea njia. Jumla ni sekunde 19. Ili kupata mahali hasa pa kukata, panua mstari wa muda kwa vidole viwili mpaka uone fremu moja moja, ugawanye hapo, ufute kipande cha kushoto. Tatizo lilikuwa sauti: kwenye 1:12 mtangazaji alikuwa bado hajamaliza "gooooli" lake. Tulitenganisha sauti na picha, tukaiacha sauti iendelee juu ya marudio. Hapo ndipo klipu ilipopata uhai, na hakuna wimbo uliohusika.

Yaliyobaki ni manukuu, yale maandishi ya chini ya picha, na hili linatuhusu sisi wa Kiswahili zaidi ya watu wote. Tulijaribu kuiachia simu iandike yenyewe. "Kamnyang'anya" iligeuka maneno matatu yasiyo na maana. Tukaandika kwa mkono, na tukagundua kosa letu wenyewe: tuliandika kila kilichotamkwa. Mtu husoma herufi kama 15 kwa sekunde bila kuhangaika. "Hakumwona kabisa aliyekuwa anakuja nyuma yake" ina herufi 45 ukihesabu na nafasi, yaani sekunde tatu, na tukio lenyewe ni la sekunde mbili. Tuliifanya "Hakumwona wa nyuma": herufi 18, sekunde moja na kidogo. Lugha yetu inapakia mtendaji, wakati na mtendwa katika neno moja, na hapa mzigo huo ni faida, mradi mstari uvunjwe mahali pake. "Hakumwona wa" juu na "nyuma" chini ni kumwacha msomaji mguu mmoja hewani. Walimu wetu wa sarufi wakitaka mfano wa kwa nini kihusishi hakitengwi na nomino yake, tunao.

Mahali pa kuyaweka pia pana mtego. Picha ya mchezo imelala, simu ya mtazamaji imesimama. Ukiijaza skrini kwa kukata pembeni, unabaki na chini kidogo ya theluthi moja ya upana wa uwanja, na ubao wa matokeo umekwenda. Sisi tunaiacha picha nzima katikati, na manukuu tunayaweka mara tu chini yake. Tusishuke hadi ukingoni, maana huko jina la akaunti na maelezo hufunika maandishi.

Katibu amesema suala la nyimbo litapigiwa kura kwenye mkutano wa mwezi ujao. Nakala safi ya sekunde 19 iko kwenye simu yetu. Tutaionyesha mara mbili siku hiyo, mara moja na wimbo, mara moja bila.