Naufunga upya mkutano wa jana



Jana Jumamosi, Oktoba 12, 2024, nilifungua mkutano wa tawi kwa kisa cha mama mmoja wa mtaa wetu. Mwaka 2014, siku ya uchaguzi wa serikali za mitaa, alifika kituoni na kadi yake ya mpiga kura, ameifunga kwenye pindo la khanga. Zamu yake ilipofika akaambiwa jina halimo. Kadi ilikuwa halali, ila ni ya Daftari la Kudumu, la kumchagua Rais, wabunge na madiwani. Uchaguzi wa mtaa una orodha yake, na humo hakujiandikisha. Nilikuwa wakala pale, nikamwona akirudi nyumbani.

Watu walinyamaza, wakasikiliza. Kisha mwishoni nikaharibu. Niliomba ada, sare, michango ya viti, mahudhurio ya semina, kikundi cha akina mama, na kujiandikisha. Mambo sita. Leo asubuhi nimewauliza wanachama wanne wameondoka na nini. Wote wanamkumbuka yule mama. Mmoja akataja ada, mwingine viti, wawili wakasema hotuba ilikuwa nzuri. Kujiandikisha hakuna aliyekutaja.

Kosa ni langu. Nilikifanya kisa kuwa chambo cha kuwavuta, nikakiacha pale pale mlangoni. Mwisho wa hotuba ndio mahali pa kukirudia, wala si kwa kukisimulia tena chote. Kitu kimoja ambacho watu wameshakiona kinatosha, kama lile pindo la khanga.

Kisha linakuja ombi moja. Kulichagua si kazi ngumu: jiulize ni lipi lingebadilisha siku ya yule mama. Ada isingemsaidia, viti visingemsaidia. Kujiandikisha kungemsaidia. Ombi hilo liseme nani afanye nini, wapi, na mwisho lini. Ukishalisema usiongeze "na pia". Kaa chini.

Najua viongozi wa mashina mtasema mikutano ni adimu, lazima tuseme yote. Semeni, lakini kwenye matangazo kabla ya hotuba. Mwisho usibebeshwe mzigo huo.

Basi naufunga upya mkutano wa jana.

Yule mama hakukosa kadi. Alikosa mtu wa kumwambia mapema kwamba kadi iliyo kwenye pindo lake si ya siku ile. Mtaani kwetu wapo wengine wenye kadi kama ile, wametulia, wanaingoja Novemba 27. Uandikishaji unafungwa Jumapili ijayo, Oktoba 20.

Kesho asubuhi, kila mwanachama amgongee jirani mmoja ambaye hajajiandikisha, waende pamoja kituo cha kuandikisha cha mtaa wetu.

Katibu Mwenezi wa Tawi