Jina la biashara si alama ya biashara!

Wadau, hapa wengi wanaingizwa mjini. Muuza kamba wakavu wa Nyamisati, wilayani Kibiti, akishasajili jina la biashara pale BRELA, anajiona kamaliza. Bado! Cheti kile kinaitambua biashara yake tu. Ili amzuie mwingine kuuza kwa jina hilo bila ubishi mrefu, asajili alama ya biashara, hapohapo BRELA, kwa sheria ya 1986.

Lakini "Kamba wa Rufiji" haitapita kirahisi: inataja bidhaa na mahali, na kila mvuvi wa delta anastahili kuyataja. Abuni neno lake. Usajili hudumu miaka 7, kisha huhuishwa kwa miaka 10. Zanzibar huombwa kivyake.

Kwangu mimi, neno kwanza, lebo baadaye. Mnasemaje?