Wacha kuweka anwani ya binamu yako wa Mombasa

Wasee, kuna ushauri unazunguka mtaani na mimi naupinga. Eti kazi ikitangazwa Mombasa na wewe unaishi Makongeni, weka kwa sivii anwani ya binamu yako wa Likoni, ukiitwa utajipanga. Watu hunitumia sivii zao niziangalie, na huu mchezo nimeuona sana. Unavunjikia kwa simu. Mwajiri anakupigia saa kumi jioni, anataka kukuona kesho saa tatu asubuhi, juu kwa karatasi uko hapo tu ng'ambo ya feri. Treni ya SGR ya mchana ishaenda. Umebaki na ya usiku, kama kuna kiti, na hiyo inakushusha Miritini kabla jua litoke, hujalala, hujaoga. Ama unaanza kutunga hadithi ya pili kufunika ya kwanza.

Mimi naona tunasoma vibaya roho ya mwajiri. Akiona mji tofauti, hakuchukii. Ana maswali tu: huyu atahama kweli? Nani atalipa? Ataanza lini? Ana sivii zingine kibao mezani, hatapiga simu kukuuliza. Anaweka yako kando. Kwa hivyo jibu likae pale juu kabisa, chini ya jina, kabla hata hajafika kwa masomo.

Kuna dada mmoja wa hapa kwetu aliyekuwa anaomba kazi ya karani kwa ofisi ya kutoa mizigo bandarini. Sivii yake ilikuwa na sanduku la posta la shule alikofundisha babake, Kakamega 50100. Chini kidogo ameandika "Makongeni" peke yake. Sasa fikiria mtu wa Mombasa anasoma hiyo. Kakamega ni wapi na Makongeni ni gani? Juu hata Thika kuna Makongeni, na hiyo iko Kaunti ya Kiambu. Kwa LinkedIn bado alikuwa ameacha Kakamega, na waajiri wengi hutafuta watu kwa kuchagua mji, so hata Nairobi hakuwa anaonekana.

Tulitoa sanduku la babake, tukaandika hivi:

"Makazi: Makongeni, Nairobi. Nitahamia Mombasa kwa gharama yangu. Naweza kuanza kazi siku 14 baada ya kupewa barua. Kwa mahojiano ya ana kwa ana, naomba taarifa ya siku mbili."

Kwa barua ya maombi akaongeza sentensi moja: ana shangazi Changamwe atakayemkaribisha mwezi wa kwanza. Hiyo ilikuwa kweli, na ndiyo tofauti yake na stori ya binamu. Shangazi anaonyesha una pa kufikia. Haonyeshi kwamba unaishi huko. LinkedIn nayo ikabadilishwa iwe Nairobi, ifanane na karatasi.

Aliitwa, kwanza kwa video. Swali la kwanza lilikuwa zile siku 14, na alikuwa na jibu. Kazi yenyewe alipewa mtu mwingine, lakini hakutupwa kwa sababu ya mji.

Hiyo "kwa gharama yangu" usiiandike kwa mdomo mtupu. Tikiti ya daraja la chini ilipanda hadi shilingi 1,500 mwaka wa 2024, na hiyo ndiyo sehemu rahisi. Kuna kodi, dipoziti, na chakula cha mwezi mzima kabla mshahara uingie. Kama huna, andika tu uko tayari kuhama, hiyo ya pesa muongee wakikutaka.

Na fomu za serikali zikiuliza kaunti ya nyumbani, hiyo si mahali unalala. Kakamega ibaki Kakamega, Makongeni iende kwa makazi.

Kazi za mtandaoni ni mambo mengine. Tangazo likisema wanataka mtu aliye Marekani, VPN na anwani ya Texas hazikusaidii, juu shida si umbali, ni kodi na sheria. Kandarasi ikifika wanakutumia W-9, fomu ya watu wanaohesabiwa wa Marekani kikodi, na unaisaini ukijua kudanganya ni kosa la jinai. Wewe wa Nairobi yako ni W-8BEN. Ruka hilo tangazo. Lakini kama halijataja nchi, andika "Nairobi, UTC+3" bila haya, kisha uweke masaa. Saa tatu asubuhi ya New York kwetu ni saa kumi jioni, ama saa kumi na moja wakati wao wamerudisha saa nyuma. Sisi zetu hazisongi. Mwambie uko macho hadi saa sita usiku, kama kweli uko.