Siku za majaribio kazini: lini ni usaili, lini unafanyishwa kazi bure?

Ujumbe wa aina hii unazunguka kwenye makundi ya simu kila wiki: "Anahitajika mhudumu wa mgahawa, aje afanye majaribio siku tatu." Kijana anakopa nauli, anashuka stendi mjini, anapewa aproni na kuanza kazi. Siku ya tatu jioni anaambiwa, "Nenda, tutakupigia." Simu haipigwi.

Wakati mwingine kweli hakufaa. Lakini wakati mwingine nafasi yenyewe haikuwapo. Tufanye hesabu ndogo. Tuseme mwenye mgahawa humlipa mhudumu shilingi 6,000 kwa siku. Akiita vijana 10 wapokezane, kila mmoja siku tatu, amepata mhudumu wa siku 30. Angemwajiri mtu, angemlipa shilingi 180,000. Hapa hakutoa hata shilingi, na nauli wamejilipia vijana wenyewe.

Jiulize: kazi yangu inamfaidi nani?

Mwajiri ana haki ya kukupima, lakini kupima mhudumu hakuchukui siku tatu. Kubeba sahani, kupokea oda ya meza mbili na kurudisha chenji bila kukosea huonekana ndani ya saa moja au mbili, tena mtu akiwa amesimama anakutazama.

Ukiona hakuna anayekutazama, shituka. Umefika saa 12 asubuhi, umepangiwa zamu kamili, umeosha vyombo, umehudumia wateja waliolipa, na wa kukukosoa au kukuelekeza hayupo. Hapo hupimwi, umeziba pengo la mfanyakazi. Dalili nyingine utaipata kwa wafanyakazi wenyeji. Waulize kwa upole, "Waliokuja majaribio mwezi uliopita wako wapi?" Kama wamepita wengi na hakuna aliyebaki, umepata jibu.

Kazi za kwenye simu na kompyuta hupimwa kwa swali hilohilo. Anayetaka kujua kama unaweza kutengeneza bango atakupa kazi ya mfano, au ataomba kuona mabango uliyokwisha tengeneza. Anayekutaka umtengenezee bango la ofa yake ya wiki ijayo, kisha akalibandika dukani, ameshalitumia. Hiyo ni kazi, na kazi ina malipo.

Sheria inasemaje

Kwa Tanzania, Katiba ibara ya 23 inampa kila mtu haki ya ujira unaolingana na kazi yake. Kanuni za ajira za mwaka 2007 zinautambua muda wa majaribio, lakini huo ni wa mtu ambaye tayari ameajiriwa, na mshahara wake unaendelea. Kwa hiyo neno "majaribio" peke yake halifuti malipo.

Mwajiri anaweza kudai kwamba hukuwa mfanyakazi wake. Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004, kifungu cha 61, inasaidia hapo. Kama yeye ndiye aliyekupangia saa, aliyekuongoza namna ya kufanya kazi au aliyekupa vifaa, unahesabiwa kuwa mwajiriwa mpaka yeye athibitishe vinginevyo.

Mpaka wa haki hiyo nao uujue. Mtu aliyefanya kazi chini ya miezi sita hawezi kudai kwamba ameachishwa isivyo haki. Unachodai ni ujira wa siku ulizofanya.

Kabla ya kupanda gari

Tuma ujumbe wa maandishi, usipige simu, ili majibu yabaki: "Shikamoo bosi. Majaribio ni saa ngapi kwa siku? Nikifanya zamu nzima nitalipwa shilingi ngapi? Nafasi ziko ngapi?" Mwenye nafasi ya kweli hujibu. Anayekasirika kwa sababu ya swali la malipo amekuokolea nauli.

Ukiwa umeshafanya kazi, usifute ujumbe. Andika tarehe, saa ya kuingia na kutoka, na majina ya mliokuwa nao zamu. Kwanza dai kwa mwajiri, kwa ujumbe pia. Akikataa, nenda ofisi ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi katika mkoa ulikofanyia kazi, ujaze fomu namba 1. Madai ya malipo yana siku 60, kwa hiyo usisubiri msimu wa mavuno upite.

Kwa shilingi 18,000 za siku tatu, wengi huona safari ya kwenda kudai ni hasara juu ya hasara, na mwajiri wa namna hii analijua hilo. Ndiyo maana ujumbe wa kabla ya safari una nguvu kuliko madai ya baadaye. Na kama yamekwisha kukukuta, waambie wenzako kwenye kundi lilelile lililoleta tangazo, kabla kijana wa 11 hajakopa nauli.